Uzembe wa kimatibabu: Jinsi mgonjwa wa Turkana anavyoweza kuthibitisha kwamba alihudumiwa chini ya kiwango

MGONJWA anapofariki au kulemaa baada ya kutibiwa, jamaa zake aghalabu huwa na yakini kwamba daktari amekosea. Mahakama haianzii hapo. Kwa mujibu wa sheria, matokeo mabaya peke yake si ushahidi wa uzembe, kwa kuwa yapo maradhi yanayoua hata pale kila jambo lilipofanywa sawasawa. Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inasema hivyo waziwazi katika kifungu cha 107.

Kwa mkazi wa Lodwar au Kakuma mzigo huo ni mzito zaidi. Vituo vya afya viko mbali, madaktari bingwa ni haba, na wagonjwa wengi hawajui kusoma kilichoandikwa kwenye faili zao. Hata hivyo, ushahidi unaohitajika mara nyingi umo ndani ya karatasi za kituo kilichomhudumia mgonjwa. Kinachotakiwa ni kujua karatasi ipi itafutwe na namna ya kuisoma.

Mambo manne ya kuthibitisha

Mahakama za Kenya humtaka mlalamishi athibitishe mambo manne. Kwanza, kwamba mhudumu alikuwa na wajibu wa kumtunza. Pili, kwamba alivunja wajibu huo kwa kutoa huduma iliyo chini ya kiwango kinachokubalika. Tatu, kwamba kosa hilo ndilo lililoleta madhara. Nne, kwamba madhara yenyewe yapo na yanaweza kukadiriwa kwa fidia.

Jambo la kwanza huwa rahisi, kwa kuwa wajibu huanza pale mgonjwa anapopokelewa kituoni. La nne nalo halina ugumu mwingi mlalamishi akiwa na stakabadhi za gharama na ripoti ya hali yake. Kesi nyingi hushinda au huanguka katika la pili na la tatu.

Kiwango hupimwaje?

Kipimo kinachotumiwa kilitokana na kesi ya Bolam iliyoamuliwa jijini London mwaka wa 1957. Daktari hahesabiwi kuwa mzembe iwapo alitenda kulingana na desturi inayokubaliwa kuwa sahihi na kundi la wataalamu wenye kuwajibika katika taaluma yake. Hapimwi kwa daktari aliye hodari kuliko wote, bali kwa mwenzake wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hiyo.

Mwaka wa 1997, katika kesi ya Bolitho, majaji wa Uingereza waliongeza sharti kwamba maoni ya wataalamu hao lazima yaweze kuhimili mantiki. Wataalamu hawawezi kuitakasa desturi ya hatari kwa kusema tu kwamba kila mtu huifuata.

Katika eneo hili, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilizungumzia suala hilo mwaka wa 1974 katika kesi iliyotoka Uganda dhidi ya Hospitali ya Pope John Paul. Ilieleza kwamba si kila kuteleza kwa mtaalamu kunakohesabiwa kuwa uzembe, na kwamba kinachodaiwa ni uangalifu unaotarajiwa kwa mwanataaluma wa kawaida katika mazingira halisi ya tukio.

Maneno hayo kuhusu mazingira halisi ndiyo yenye uzito mkubwa kwa Turkana. Mawakili wanaotetea vituo vya afya huyatumia kudai kwamba zahanati iliyo nyikani haiwezi kulinganishwa na hospitali ya Nairobi. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Muuguzi wa zahanati halaumiwi kwa kutofanya upasuaji, maana hana chumba cha upasuaji wala mafunzo yake. Lakini anatarajiwa kutambua kwamba mgonjwa amepita uwezo wa kituo chake, na kumpeleka mbele mapema. Kwa hivyo, kadiri kituo kilivyo kidogo, ndivyo wajibu wake unavyoegemea zaidi katika kupima, kuandika na kutoa rufaa kwa wakati.

Sheria ya Afya ya 2017 inaunga mkono jambo hilo. Kifungu chake cha 7 kinaeleza kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na kuituliza hali ya mgonjwa na kupanga ahamishwe pale kituo kinaposhindwa kumhudumia.

Mfano wa mama aliyechelewa kupewa rufaa

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha hatua kwa hatua jinsi ushahidi unavyojengwa. Haumhusu mtu wala kituo chochote mahsusi.

Mama wa umri wa miaka 19, mwenye mimba ya kwanza, anashikwa na uchungu jioni akiwa nyumbani, na mkunga wa kienyeji anakaa naye usiku kucha. Saa 12 asubuhi anafikishwa katika zahanati ya umma huko Turkana Magharibi, mwendo wa saa mbili kwa gari hadi Lodwar. Muuguzi anampima na kukuta mlango wa kizazi umefunguka sentimita 5. Saa 4 asubuhi umefika sentimita 6. Saa 8 mchana bado ni sentimita 6. Ambulansi inaitwa saa 2 usiku. Anafanyiwa upasuaji Lodwar saa 6 usiku, na mtoto anatolewa akiwa amekufa. Siku ya tano mkojo unaanza kumtoka mama bila kizuizi, dalili ya nasuri ya uzazi, yaani tundu kati ya kibofu na uke linalotokana na kichwa cha mtoto kukandamiza nyama kwa saa nyingi hadi zikafa.

Jamaa wanasema muuguzi alizembea. Zahanati inasema mama alichelewa kuja kwa sababu alikaa na mkunga. Nani ataaminiwa?

Jibu limo katika karatasi moja inayoitwa patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu. Chati hiyo ina mistari miwili inayopanda kwa mshazari. Wa kwanza ni mstari wa tahadhari, unaochukulia kwamba mlango wa kizazi hufunguka angalau sentimita 1 kila saa. Wa pili ni mstari wa kuchukua hatua, nao uko saa nne upande wa kulia wa ule wa kwanza. Katika kituo kisicho na upasuaji, kuvuka mstari wa tahadhari ni ishara ya kumhamisha mama.

Tuchore basi alama za mama huyu. Alianza na sentimita 5 saa 12 asubuhi, hivyo kufikia saa 4 asubuhi mstari wa tahadhari ulikuwa kwenye sentimita 9. Yeye alikuwa na 6. Alikuwa amekwisha kuuvuka mstari huo. Saa 5 asubuhi akaufikia ule wa kuchukua hatua. Ambulansi iliitwa saa tisa baada ya hapo.

Chati hiyo pia hutaka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku ni muda wa saa 14, yaani vipimo 28 hivi. Katika mfano huu vimeandikwa vinne tu: 142 saa 12 asubuhi, 138 saa 3, 140 saa 6 mchana, na saa 1 usiku muuguzi akaandika kwamba mapigo hayasikiki. Mapengo hayo si kasoro ya uandishi tu. Yanaonyesha kwamba kwa saa saba mfululizo hakuna uthibitisho kuwa kuna aliyemsikiliza mtoto.

Hapa lazima tarehe ya tukio izingatiwe. Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mpya wa chati ya uchungu usiotumia mistari hiyo miwili. Katika mwongozo huo, mama huchukuliwa kuwa katika hali ya kutiliwa shaka akikaa na sentimita 5 kwa saa sita, au na sentimita 6 kwa saa tano. Kwa kipimo hicho, hatua ingepaswa kuchukuliwa saa 9 alasiri wala si saa 4 asubuhi. Mhudumu hupimwa kwa mwongozo uliokuwa ukitumika siku ile, na mlalamishi anayetumia mwongozo usio wake huwapa wapinzani nafasi ya kuibomoa kesi yake. Katika mfano huu, huduma ilikuwa chini ya kiwango kwa vipimo vyote viwili. Kinachobadilika ni saa ambayo kosa lilianza.

Je, kosa ndilo lililoleta madhara?

Kuonyesha kwamba muuguzi alichelewa hakutoshi. Upande wa utetezi utasema kwamba mtoto angekufa hata kama ambulansi ingeitwa mapema, na kwamba nasuri ilianza nyumbani kwa mkunga. Mlalamishi hatakiwi kuondoa kila shaka kama katika kesi ya jinai. Anatakiwa kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa madhara yasingetokea lau huduma ingekuwa ya kiwango.

Chati ileile inarudi kutoa ushahidi. Lau rufaa ingetolewa saa 4 asubuhi, mama angefika Lodwar karibu saa 6 mchana. Saa hiyo chati inaonyesha moyo wa mtoto ukidunda mara 140 kwa dakika, kiwango kilicho ndani ya 110 hadi 160 kinachohesabiwa kuwa cha kawaida. Kwa hivyo mtoto alikuwa hai, bila dalili ya kuchoka, wakati ambao mama yake angekuwa tayari hospitalini.

Kuhusu nasuri, chati ina nafasi mbili ambazo watu wengi huzipuuza. Moja huonyesha kichwa cha mtoto kimeshuka kiasi gani, na nyingine huonyesha iwapo mifupa ya fuvu imeanza kupandana kwa kubanwa. Ikiwa saa 12 asubuhi kichwa kilikuwa bado juu na mifupa haijapandana, na saa 8 mchana kimeshuka na mifupa imepandana vibaya, mtaalamu anaweza kueleza kwamba mbano uliokata damu ulianzia zahanatini. Ikiwa alama hizo zilikuwa mbaya tangu alipopokelewa, dai la nasuri hudhoofika, ingawa dai la mtoto linaweza kubaki imara. Kila dhara huhitaji uthibitisho wake.

Hali halisi ya Turkana inaweza pia kubadilisha anayebeba lawama. Tuseme muuguzi alipiga simu saa 4 asubuhi, lakini gari halikufika hadi usiku. Muuguzi huyo alitimiza wajibu wake. Swali linahamia kwa mwajiri wake: je, kulikuwa na ambulansi, ilikuwa wapi, na je, ilikosa mafuta? Na iwapo mvua ilikuwa imenyesha na laga kama ile ya Tarach inayopita Kakuma zimefurika na kukata njia, mahakama itazingatia kwamba hakuna ambaye angepita. Ndiyo maana daftari la ambulansi na rekodi za simu zinahitajika sawa na faili ya mgonjwa.

Namna ya kupata rekodi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kesi ya uzembe ni vivyo hivyo. Karatasi za kwanza za kuhifadhi ni zile alizo nazo mgonjwa mwenyewe: kijitabu cha afya ya mama na mtoto, barua ya rufaa, karatasi ya kutoka hospitalini, vifuko vya dawa na stakabadhi. Barua ya rufaa ina thamani ya pekee, kwa kuwa huandikwa siku ileile na huonyesha saa mama alipoondoka na hali aliyokuwa nayo.

Zilizobaki huombwa kwa maandishi. Raia wa Kenya anaweza kutegemea kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa taasisi siku 21 kujibu, au saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Haki hiyo ni ya raia. Mkimbizi wa Kakuma au Kalobeyei ana njia nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuona taarifa zinazomhusu, bila kujali uraia, na kanuni zake za 2021 zinataka ombi la namna hiyo litekelezwe ndani ya siku saba.

Barua ya kuomba isiseme tu "faili yangu." Itaje patografu, maelezo ya wauguzi, karatasi ya dawa, matokeo ya maabara, fomu ya ridhaa ya upasuaji, maelezo ya mpasuaji, daftari la wodi ya uzazi na daftari la ambulansi. Nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.

Nakala zikipatikana, zichunguzwe kwa makini. Chati iliyojazwa saa kwa saa huwa na kalamu tofauti na mwandiko unaobadilika zamu zinapobadilika. Iliyojazwa yote kwa mwandiko mmoja ulionyooka, na vipimo vinavyofanana kila nusu saa, huenda iliandikwa baadaye. Saa zake zilinganishwe na zile za barua ya rufaa na za daftari la hospitali iliyompokea mama. Kituo kikisema faili imepotea, kesi haijafa. Kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi kinamwekea mtu mzigo wa kuthibitisha mambo ambayo yeye hasa ndiye anayeyajua, na wakili anaweza kukitumia kukitaka kituo kieleze kilichotendeka katika saa hizo.

Shahidi mtaalamu

Jaji si daktari. Bila mtaalamu wa kumweleza maana ya chati, karatasi hizo hubaki michoro tu, na kesi nyingi nchini zimetupwa kwa sababu mlalamishi alileta malalamishi yake bila ushahidi wa kitaalamu. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ndicho kinachoruhusu maoni ya aina hiyo.

Mtaalamu anayefaa ni yule wa fani inayohusika, na asiwe na uhusiano na upande wowote. Kwa kesi ya uzazi ni daktari bingwa wa uzazi, ambaye familia ya Turkana huenda ikalazimika kumtafuta Eldoret au mbali zaidi. Aulizwe maswali matatu yaliyo wazi: mhudumu wa ngazi hiyo, katika kituo cha aina hiyo, alipaswa kufanya nini na saa ngapi? Alifanya nini badala yake? Na je, tofauti hiyo ndiyo iliyoleta dhara? Ripoti inayosema tu kwamba huduma ilikuwa mbaya haina uzito. Inapaswa kutaja mwongozo wa Wizara ya Afya uliotumika na kuonyesha palipokiukwa.

Zipo kesi chache ambapo kosa hujieleza lenyewe, kama vile mpasuaji kusahau kitambaa tumboni. Mapema mwaka wa 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mgonjwa asiyehitaji upasuaji wa ubongo alifunguliwa fuvu badala ya mwingine. Katika tukio la namna hiyo, kituo ndicho hulazimika kueleza. Lakini kuchelewa kwa rufaa hakumo katika kundi hilo.

Pa kwenda, na muda uliopo

Mlalamishi ana milango miwili, na anaweza kubisha yote. Wa kwanza ni wa nidhamu. Malalamishi dhidi ya daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lililochukua nafasi ya bodi ya awali mwaka wa 2019. Wauguzi na matabibu wana mabaraza yao. Katika mfano wetu, kumlalamikia muuguzi kwa KMPDC kungepoteza miezi, kwa kuwa mahali pake ni Baraza la Wauguzi. Mabaraza haya yanaweza kuonya, kusimamisha au kufuta leseni, na matokeo ya uchunguzi wao huweza kusaidia mahakamani.

Mlango wa pili ni wa fidia. Madai yasiyozidi Sh20 milioni yanaweza kusikizwa na hakimu mkuu, na yanayozidi hapo ni ya Mahakama Kuu. Lodwar ina mahakama za ngazi zote mbili, nayo Kakuma ina mahakama ya hakimu. Anayeshtakiwa hutegemea mwajiri. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka wa 2013, zahanati na hospitali za umma ziko chini ya serikali ya kaunti. Hospitali ya misheni huwa na mmiliki wake, na vituo vya kambini huendeshwa na mashirika. Jina la mwajiri lihakikishwe kabla ya kesi kuwasilishwa.

Muda ndio unaowakwaza wengi. Sheria ya jumla, Sura ya 22, inatoa miaka mitatu kwa madai ya uzembe. Lakini Sura ya 39 inatoa miezi 12 pekee kwa madai ya aina hiyo dhidi ya Serikali, na wakili mwangalifu huhesabu miezi hiyohiyo anapoishtaki kaunti. Mahakama inaweza kuongeza muda iwapo mambo muhimu hayangejulikana mapema, ila ruhusa hiyo huombwa na haina hakika. Kungoja uamuzi wa baraza la nidhamu hakusimamishi saa ya mahakama.

Gharama nazo zipangwe mapema. Fidia ya matumizi, kama nauli ya kwenda Eldoret kurekebishiwa nasuri, hutolewa tu kwa yale yaliyotajwa katika dai na kuthibitishwa kwa stakabadhi. Anayeshindwa huweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, ambayo inawataja wakimbizi pia miongoni mwa wanaostahiki. Mtu akimwendea wakili akiwa na barua ya rufaa, nakala ya chati na tarehe kamili ya tukio, wakili huyo ataweza kumwambia mapema kama dai lake lina msingi.